Kiganja kinapochanika: sugu, saruji na ufa unaohitaji kufungwa

Kipupwe kinapoingia nyanda za juu kusini, kuanzia Juni, viganja vya watu wa jembe huanza kufunguka. Mistari ya kiganja inageuka mifereji, ncha ya kidole gumba inapasuka pembeni mwa kucha, na chini ya vidole, pale mpini unapokaa, sugu inatoa ufa unaouma kila ukikunja mkono. Nenda sasa kwenye mradi wa ujenzi Dodoma, utaona viganja vinavyofanana kabisa na hivyo kwa saidia fundi anayeshinda na beleshi na karai la zege. Kwa kuwa vinafanana, watu hutumia dawa moja kwa wote: mafuta mengi na uvumilivu. Mkulima huenda akapona. Saidia fundi mara nyingi haponi, na kuna sababu.

Ngozi ya kiganja si kama ya mkono mwingine. Ina tabaka nene la juu lililotengenezwa na seli zilizokufa, na haina kabisa tezi za mafuta. Inatoa jasho, basi. Ngozi ya uso au mgongo hujipaka yenyewe, ya kiganja haina uwezo huo, na ulaini wake wote unategemea maji yaliyobaki ndani ya lile tabaka. Msuguano unapoongezeka mwili hujibu kwa kuongeza unene: hiyo ndiyo sugu. Si ugonjwa. Mtu asiye na sugu akishika jembe asubuhi, kabla ya saa sita ana malengelenge.

Tatizo linaanza sugu inapokuwa nene na kavu kwa wakati mmoja. Ngozi yenye maji hunyooka na kukunjika pamoja na kidole. Sugu kavu hainyooki. Kidole kinakunjuka, sugu inakataa kufuata, na pale penye mkunjo inakatika. Mwanzoni ufa unaishia ndani ya ngozi iliyokufa na hauna maumivu, ni kama magaga ya kisigino. Lakini kila ukikunja na kukunjua, kingo zake ngumu zinavuta chini, hadi siku ufa unapofika kwenye ngozi hai. Hapo ndipo damu inapotoka na usingizi unapokatika.

Kwa mkulima, kinachonenepesha ni mpini na kinachokausha ni hewa na udongo. Udongo mkavu hunyonya unyevu na mafuta machache yaliyopo mkononi, kisha jioni mtu anamalizia kwa kujisugua na sabuni ya unga ya kufulia. Mpini nao una hatia kubwa kuliko watu wanavyodhani. Mpini mpya wenye fundo, au uliopasuka ukavu, unachimba sehemu ileile ya kiganja mara maelfu kwa siku. Kipande cha msasa na mafuta kidogo juu ya mti vinaweza kuzuia nyufa nyingi kuliko kopo zima la mafuta ya kupaka.

Kwa fundi na msaidizi wake yupo adui mwingine, naye ni saruji mbichi. Saruji ikikutana na maji inakuwa kali upande wa magadi: kwenye kipimo cha asidi na besi kinachoanzia 0 hadi 14, saruji mbichi iko kati ya 12 na 13, wakati ngozi yenye afya iko karibu na 5. Ukali huo unayeyusha mafuta yanayoshikanisha seli za ngozi, kisha unaila ngozi yenyewe. Chokaa ni hivyohivyo. Juu ya hapo mchanga ulio kwenye udongo wa saruji unakwangua kama msasa. Ndiyo maana mafundi wengi wana ncha za vidole laini zisizo na mistari. Usajili wa laini za simu kwa alama za vidole ulipoanza Tanzania mwaka 2019, watu wa kazi za mikono walikuwa miongoni mwa waliosumbuka kwa sababu mashine haikuwa na cha kusoma.

Ubaya wa saruji ni kwamba haiumi papo hapo. Mtu anaweza kupiga magoti kwenye zege au kufanya kazi na glavu iliyoingia saruji kwa saa kadhaa bila kuhisi kitu, halafu usiku ngozi ikawaka na kugeuka nyekundu au nyeusi. Huo ni moto wa kemikali, si ufa wa kawaida. Unaoshwa kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika 20 au zaidi, halafu mtu anaenda kuonwa na daktari siku hiyohiyo.

Saruji ina jambo jingine pia: ndani yake huwamo kiasi kidogo cha kromi ya aina inayoyeyuka kwenye maji, na hiyo huwaletea baadhi ya watu mzio. Umoja wa Ulaya uliweka kikomo mwaka 2005, kisizidi sehemu 2 kwa kila milioni, na viwanda hukifikia kwa kuchanganya salfeti ya chuma kwenye saruji. Mzio wa kromi hautambuliki kwa ufa bali kwa muwasho. Mkono unawasha sana, vinatokea vipele vidogo vyenye maji, vinapanda mgongo wa mkono na kifundo ambako mpini wala mwiko haugusi. Ukikaa nyumbani wiki mbili unapoa. Ukirudi kazini, siku moja au mbili unarudi kama ulivyokuwa. Mtu aliyefika hapo hatibiki kwa mafuta ya mgando. Anahitaji daktari wa ngozi, na mara nyingi mzio huo humkaa maisha yake yote, kwa hiyo suala linakuwa ni kujitenga na saruji mbichi, si kulainisha.

Sasa tumshike saidia fundi wetu wa Dodoma tumfuate. Ana sugu nene chini ya vidole vinne vya mkono wa kulia, nyufa tatu za juujuu ambazo hazina damu, na moja mbaya kwenye mkunjo wa kidole gumba, yenye wekundu chini na inayouma akishika karai. Haimwashi. Kila jioni ananawa kwa sabuni ya unga na kumalizia kwa mafuta ya taa ili kutoa rangi, kisha anapaka mafuta ya mgando kwenye ngozi iliyokauka tayari. Anashangaa mbona hayasaidii.

Hayasaidii kwa sababu mafuta ya mgando hayaongezi maji. Kazi yake ni kufunika ili maji yaliyomo yasitoke. Ukipaka juu ya ngozi kavu, umefunika ukavu. Utaratibu wenyewe unajulikana vizuri na wahudumu wanaofundisha wagonjwa wa ukoma kutunza mikono na miguu iliyokauka: loweka, sugua, paka.

Kuloweka ni dakika 10 hadi 20 kwenye beseni la maji safi ya kawaida au vuguvugu. Maji ya moto yanaondoa mafuta zaidi. Chumvi na magadi visiwekwe. Ngozi ikiwa nyeupe na yenye makunyanzi imetosha, na ukizidisha unairudisha kwenye udhaifu.

Kusugua kunafuata mkono ukiwa bado umelowa. Tumia jiwe lile la kusugulia visigino, na lengo lako ni mdomo wa ufa, yaani kingo mbili ngumu zilizoinuka. Hizo ndizo zinazonasa kwenye nguo na kuvuta ufa ufunguke. Zikishuka zikawa sawa na ngozi ya pembeni, umefanya kazi. Usisugue ndani ya ufa wenyewe, na ukiona rangi ya waridi umepita mpaka. Wembe usiuguse, sugu huwezi kujua inaishia wapi mpaka uwe umeshajikata. Wala usiiondoe sugu yote. Nimeona watu waliofurahia mikono laini Jumapili na Jumatatu wakaamka kwenda shambani, jioni wakarudi na malengelenge yaliyopasuka, ambayo ni mabaya kuliko sugu waliyoikimbia. Sugu iachwe nyembamba, inayokunjika. Kusugua mara mbili kwa wiki kunatosha. Kuloweka na kupaka ndiyo kazi ya kila usiku hadi nyufa zifunge.

Kupaka ni ndani ya dakika chache baada ya kufuta maji juujuu, kabla ngozi haijakauka. Mafuta ya mgando ndiyo rahisi na ya uhakika, hayana manukato wala kitu cha kuchoma ufa. Mafuta ya nazi ni mazuri pia ila ni mepesi, yanaisha haraka. Kisha vaa soksi safi za pamba mikononi ukalale. Kichekesho kwa wanafamilia, lakini usiku mmoja wa soksi unafanya kazi ya mchana mwingi wa kupaka na kufuta.

Sugu ikiwa ngumu kupita kiasi, duka la dawa lina krimu zenye yurea. Ya asilimia 10 inavuta maji na kulainisha; ya 20 hadi 40 inalegeza ngozi iliyokufa yenyewe, kwa hiyo ipakwe kwenye sugu tu, mbali na ufa ulio wazi kwa sababu inachoma. Ni kweli ni kemikali ileile iliyo kwenye mbolea ya kukuzia, na wapo wakulima watakaowaza kuokoa pesa kwa kuloweka punje za mbolea. Wasifanye. Mbolea haikusafishwa kwa ajili ya ngozi, na mtu hana kipimo cha ukali wa alichokoroga.

Na kunawa? Saidia fundi wetu aache mafuta ya taa na sabuni ya unga. Saruji inaondolewa kwa maji mengi na sabuni ya kuogea, tena isingoje jioni: ananawa kila anapopumzika, kwa sababu saruji iliyokaa kwenye ufa inaendelea kula. Kindoo cha maji safi kando, si yale ya kuoshea mwiko. Baadhi ya mafundi hujipaka limau ili kuua ukali wa saruji. Juu ya ngozi iliyochanika hiyo ni kubadilisha mchomo mmoja kwa mwingine.

Glavu ndipo pesa nyingi hupotea, kwa sababu watu hununua ile iliyopo hadiwea bila kuuliza inazuia nini. Glavu ya ngozi inafaa kwa matofali, nondo, mbao na miiba. Kwa zege bichi ni mtego: inanyonya maji ya saruji na kuyashikilia kwenye kiganja kutwa nzima, na ikikauka inakuwa ngumu na kukwaruza. Glavu ya kitambaa hali kadhalika. Kwa saruji inatakiwa isiyopitisha maji, ya mpira wa nitrili au mpira mzito wa kawaida, ndefu hadi ipite kifundo cha mkono, nayo mwisho wake ikunjwe nje ili matone yasiteremke ndani mkono unapoinuliwa. Zile nyembamba za hospitali zinachanika kwenye tofali la pili. Zile za kitambaa zilizochovywa mpira kiganjani tu zinafaa kubebea, lakini mgongo wake unapitisha maji, hivyo si za zege.

Sheria moja ya glavu ya saruji ni muhimu kuliko aina yake: ivaliwe kwenye mkono msafi, mkavu, na ikiingia saruji ndani ivuliwe hapohapo, mkono unawiwe na glavu ioshwe. Saruji iliyofungiwa ndani ya glavu pamoja na jasho ni mbaya kuliko mkono mtupu. Ukiweza uwe na pea mbili, moja inakauka imegeuzwa ndani nje.

Shambani hesabu ni tofauti. Kwa jembe, glavu iliyolegea inateleza na mikunjo yake inakata ngozi. Afadhali inayobana vizuri, ya ngozi laini au kitambaa chenye mpira kiganjani, au hata kipande cha kitambaa kilichozungushwa mahali penye ufa. Anayepuliza dawa ya wadudu asitumie glavu ya ngozi wala kitambaa, maana dawa ikishaingia humo haitoki, na ngozi iliyochanika huingiza sumu kirahisi zaidi. Hapo ni nitrili. Na mbele ya kitu kinachozunguka, iwe mashine ya kupukuchua mahindi, msumeno wa duara au ngoma ya zege, glavu isivaliwe karibu na sehemu inayozunguka. Ikinaswa ncha, mkono mzima unafuata.

Turudi kwenye ule ufa wa kidole gumba. Kinachoamua kama ufa ufungwe si urefu wake bali kina. Vuta ngozi kwa upole pande mbili. Ukiona chini ni ngumu, rangi ya manjano au kijivu, na hakuna maumivu, ufa bado uko ndani ya sugu: loweka, sugua, paka, nenda kazini. Ukiona wekundu au unyevu, au ukisikia mchomo mkali, ngozi hai imefunguka na hicho sasa ni kidonda. Kidonda kwenye mkono unaoshika udongo na saruji kinafungwa.

Unaosha kwa maji safi yanayotiririka na sabuni, unatoa kila punje ya mchanga, unakausha kwa kitambaa safi. Kama damu inatoka, bana kwa dakika 10 mfululizo bila kuchungulia. Weka mafuta ya mgando kidogo sana ndani ya ufa tu. Pembeni futa, la sivyo plasta haitashika. Kunja kidole kidogo, sogeza kingo zikutane, kisha bandika plasta kukatiza ufa, si kuufuata kwa urefu wake. Usiizungushe kidole kizima kwa kubana, kwa sababu kidole kikivimba plasta itakata damu. Badilisha kila siku, na kila inapolowa au kuchafuka. Spiriti na haidrojeni peroksaidi hazihitajiki kila siku. Zinaunguza ngozi mpya inayojaribu kuziba. Ufa uliofunikwa na kupumzishwa kwa kawaida huanza kufunga ndani ya siku chache. Wiki mbili zikipita bila nafuu, uonwe.

Mwenzetu wa Dodoma huenda akashauriwa mambo mawili kijiweni. La kwanza ni kufungua kapsuli ya antibiotiki ya rangi mbili na kumimina unga kwenye ufa. Unga huo unafanya gamba, gamba linafungia uchafu chini, na juu yake anaweza kupata mzio wa dawa atakayoihitaji siku nyingine. La pili ni gundi ya kubandikia viatu. Ipo gundi ya kitabibu iliyotengenezwa kwa ajili ya ngozi ya mtu, lakini ya viatu inawasha, na ikifunga mchanga au usaha ndani umejitengenezea jipu.

Kuna dalili ambazo zinafuta habari ya plasta kabisa. Maumivu yanayodunda, wekundu unaosambaa, usaha, joto, mstari mwekundu unaopanda mkono, tezi la kwapa kuvimba, homa. Kwa kidole, angalia zaidi: kikivimba chote mithili ya soseji, kikabaki kimekunjwa, na mtu akikikunjua ukaruka kwa maumivu, vijidudu huenda vimeingia kwenye ala ya mshipa unaokunja kidole. Hiyo ni hospitali siku hiyo, kwa sababu mshipa unaweza kufa na kidole kisikunjike tena. Na jihadhari na udanganyifu mmoja wa mkono: ngozi ya kiganja imekaza, haina nafasi ya kuvimba, hivyo maambukizi ya kiganja mara nyingi huonyesha uvimbe kwenye mgongo wa mkono. Watu hukanda mgongo huku tatizo likiwa upande wa pili.

Mwenye kisukari asisubiri hata dalili hizo. Madaktari wa Dar es Salaam walieleza, kutokana na wagonjwa waliowaona kati ya 1998 na 2002, hali ambapo mchubuko mdogo au kuumwa na mdudu kwenye mkono wa mtu mwenye kisukari huishia kwenye maambukizi mabaya, wengine kukatwa vidole au mkono. Mara nyingi walichelewa kufika hospitali. Kwake yeye, ufa unaoonyesha wekundu unaonwa siku hiyohiyo au kesho yake.

Pepopunda ni suala la mkulima zaidi, kwa kuwa vijidudu vyake vinakaa kwenye udongo na samadi, na ufa mwembamba wenye kina ni mahali panapovifaa. Kinga kamili ni dozi sita, tatu za uchanga na tatu za kuongezea hadi ujana. Wanawake wengi huongezewa wakati wa ujauzito. Wanaume wengi wa rika la kati walichomwa utotoni tu, na hakuna aliyewahi kuwauliza tena. Ukienda na kidonda kichafu na miaka mitano imepita tangu sindano ya mwisho, au hukumbuki, sema. Taya kukaza, siku tatu hadi wiki tatu baada ya jeraha, ni dharura.

Mwisho kuna ufa usiouma ingawa chini unaonekana mwekundu. Gusa pembeni yake kwa pamba umefumba macho. Kama huhisi, na hasa kama kidole kidogo kimeanza kujikunja au kuna doa la ngozi lililopauka na kufa ganzi, tatizo si jembe wala saruji. Ukoma bado upo, huharibu neva kwanza na nyufa huja baadaye, na dawa zake hutolewa bure katika vituo vya afya vya serikali. Miezi ya mwanzo ya ganzi ndiyo neva huweza kuokolewa.